Madirisha manne na jagi la maji

Mvua ya kwanza ya maana msimu ule ilitukuta Nala usiku wa tarehe 11 Desemba. Ilikuja na upepo, kama mvua za Dodoma zinavyopenda kuja, ikaupiga ukuta wa mashariki kwa ubavu. Nusu saa haijaisha nikasikia mwanangu wa pili ananiita: "Mama, godoro linaelea." Alikuwa anatia chumvi, lakini si sana. Maji yalikuwa yamejaa kwenye reli ya chini ya dirisha, yakapita ukingo wa ndani na kuteremka ukutani mpaka kitandani. Tulikuwa na mwezi mmoja tu tangu tuhamie kwenye nyumba ile, na rangi ya chumba hicho nilikuwa nimeipaka mwenyewe.

Kesho yake, tarehe 12, nilimwandikia meseji mwenye karakana iliyotufungia madirisha. Akajibu, "Pole madam, kesho nakuja." Nikaandika tena tarehe 15, jibu likawa lile lile. Nikaandika tarehe 19, akasoma akanyamaza. Nilipiga simu mara nne, akapokea mbili. Usiku wa tarehe 27 mvua ikarudi, tukahamisha vitanda katikati ya chumba kama watu wanaocheza karata. Saa saba za usiku nikakaa jikoni na simu, nikaandika hivi:

"TAHADHARI WANA NALA!!! Huyu jamaa ni TAPELI MZOEFU. Ameniibia milioni 3, ameniwekea vioo vyembamba vya bei rahisi, sasa anakimbia simu. Msimpe hata shilingi. Sambaza kuokoa wengine."

Juu yake niliweka picha yake niliyoichukua kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Nikabonyeza kutuma kwenye kundi la majirani, kundi la watu kama mia na themanini, wengi wao wakiwa wanajenga au wamehamia juzijuzi kama sisi. Ile alama ya saa ikabaki pale inazunguka. Bando lilikuwa limeisha.

Ningependa kusema nilijizuia kwa busara za ualimu, lakini ukweli ni kwamba nilizuiwa na mtandao wa simu. Nikafuta ule ujumbe uliokwama ili nisije nikajiunga bando asubuhi ukaondoka wenyewe, maneno nikayabakiza kwenye daftari la simu, nikalala.

Asubuhi niliyasoma nikiwa nimekunywa chai. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kwenye ile picha alikuwa amembeba mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hivi, hajui reli wala silikoni, nilitaka kumpeleka kwenye simu 180 chini ya neno tapeli. Nikaanza kuipitia sentensi moja moja, kama ninavyosahihisha insha za kidato cha pili. Tapeli? Tapeli ni mtu aliyechukua fedha akiwa hana nia ya kutoa kazi. Huyu madirisha aliyaleta, tena yote tisa. Mzoefu? Sikuwa najua mtu mwingine hata mmoja aliyemfanyia hivyo. Ameniibia milioni 3? Nililipa 3,150,000 nikapewa madirisha. Anakimbia simu? Mara mbili alipokea. Vioo vyembamba? Hilo nililisema kwa sababu upepo ukivuma vinatetemeka, basi. Katika ujumbe mzima, hakukuwa na mahali nilipotaja kwamba mvua inaingia ndani. Lile lililonitokea kweli ndilo sikuliandika.

Nilimpigia mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi mahakamani, nikamsomea. Alicheka kwanza. Halafu akaniambia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 16 kinamhusu mtu anayechapisha jambo mtandaoni akijua ni la uongo au la kupotosha, kwa nia kama ya kukashifu au kutukana. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nikamwambia mimi sikujua kuwa ni uongo, nilikuwa na hasira tu. "Sawa dada," akasema, "lakini hata akikushitaki kwa kashfa ya madai, hatatakiwa yeye kuonyesha kwamba si tapeli. Wewe uliyeandika ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba ni tapeli. Utaonyesha na nini?" Nikauliza kama kundi la WhatsApp nalo linahesabika, maana ni letu wenyewe. Akaniuliza watu 180 nawafahamu wote? Siwafahamu. Basi, akasema, hesabu kwamba umeandika kwenye ukuta wa soko.

Siku hiyo hiyo, tarehe 28, nilimwita fundi mwingine wa aluminiamu, kijana anayefanyia kazi jirani na kwetu, nikamlipa elfu kumi aje aangalie tu. Nilimwomba asiniambie lolote kuhusu mwenzake, aniambie kuhusu dirisha. Alikuwa na kipimo cha kubana. Akafungua dirisha moja akapima kioo: milimita 5, ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi yangu ya makadirio. Akapima kingine, milimita 5. Ile sentensi yangu ya vioo vyembamba ilikuwa uongo mtupu, na ningeiapia.

Halafu akaomba jagi la maji. Akamimina taratibu kwenye reli ya chini ya dirisha la sebuleni, tukatoka nje tukatazama: maji yakachuruzika kwa nje kupitia vitundu viwili vidogo chini ya fremu. Dirisha la kusukuma haliwezi kuzuia maji yasiingie kwenye reli, alinieleza. Kazi yake ni kuyarudisha nje, na njia yake ni vile vitundu. Tukaenda chumba cha watoto. Akamimina jagi. Maji yakapanda kwenye reli, yakajaa, yakamwagikia ndani. Nje palikuwa pakavu. Tukazunguka nyumba nzima na jagi letu: madirisha matano yana vitundu, manne hayana. Kati ya hayo manne, mawili yalikuwa pia hayajajazwa silikoni kati ya fremu na plasta upande wa nje. Nikalipiga picha kila dirisha wakati maji yanamwagika, na nyingine ikionyesha chini ya fremu ilivyo nzima.

Nikamuuliza kutengeneza ni kiasi gani. Akakadiria elfu themanini, kazi ya nusu siku.

Hapo nikapata aibu ya aina nyingine. Kwa elfu themanini nilitaka kumfungia mtu riziki? Nilikaa na swali hilo siku mbili, na naona ndilo swali lenyewe: nataka nini hasa? Kama nataka madirisha yangu yatengenezwe, hilo ni jambo la watu wawili, mimi na yeye, na mkononi nina karatasi iliyoandikwa waranti ya miezi 12. Ukianza na watu 180, mtu aliyeaibishwa hana tena sababu ya kuja kwako na mashine ya kutobolea, atakuja kugombana. Kwa upande wa pili, kila wiki kwenye kundi letu kuna mtu anauliza, "Jamani nani ana fundi mzuri wa aluminiamu?" na mimi mwenyewe nilipata jina la karakana ile humo humo. Nyumba mbili za mtaa wetu zilikuwa na madirisha yao. Wenye nyumba hizo wangefaidika kujua habari ya jagi la maji, hata kama mimi nimeshatengenezewa. Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti, na usiku wa bando nilikuwa nimeyakoroga kwenye sufuria moja.

Nikaamua kuanza na la watu wawili. Tarehe 30 Desemba nilimwandikia: madirisha manne (nikataja vyumba) hayana vitundu vya kutolea maji, mawili hayana silikoni kwa nje, picha hizi hapa, waranti yako ni ya miezi 12 kuanzia Oktoba, naomba yarekebishwe kabla ya tarehe 8 Januari, nyumbani nipo kila siku baada ya saa tisa. Hakukuwa na "la sivyo". Mdogo wangu alinisisitizia sana hapo: usimwambie mtu nifanyie hiki au nakuanika, hata kama unachodai ni haki yako, kwa sababu meseji hiyo ikisomwa na mtu wa tatu wewe ndiye utakayeonekana unatisha. Omba kazi yako. Habari ya kuandika hadharani iache mpaka siku ikifika.

Akajibu kesho yake. Tarehe 7 alimtuma kijana, akarekebisha mawili, la chumba cha watoto na la korido. Nilimimina jagi mwenyewe, maji yakatoka nje. Mawili ya jikoni na chumba changu akaahidi tarehe 11. Tarehe 11 hakuja mtu. Tarehe 14 mvua ikanyesha.

Wakati yule kijana anatoboa, aliniambia jambo kuhusu kwa nini madirisha yale manne yaliondoka karakana bila vitundu. Silirudii hata hapa. Lilikuwa jambo zuri sana kwa hadithi yangu, lenye kumchafua bosi wake vizuri kabisa, lakini aliniambia akiwa na kikombe changu cha chai mkononi, sina njia ya kulithibitisha, na kwenye karakana ya watu wanne bosi asingepata shida kujua nani kasema.

Tarehe 18 niliandika upya. Safari hii nilianza na kalenda, si na hisia: karatasi ya makadirio, meseji za muamala wa malipo, meseji zetu, picha. Kilichokuwa na tarehe na ushahidi kikaingia, kisichokuwa nacho kikabaki nje. Halafu nikafanya kitu ambacho mume wangu alikiona ni cha ajabu: nikamtumia mwenye karakana rasimu nzima. Nikamwambia, "Kaka, haya ndiyo maelezo ninayotaka kuwaandikia majirani kuhusu madirisha. Kama kuna tarehe au jambo lisilo sahihi, naomba uniambie kabla ya tarehe 20 jioni nirekebishe."

Alituma sauti ya dakika tatu, dakika mbili na nusu zikiwa hasira. Lakini ile nusu dakika ilikuwa na kitu. "Madam umeandika nimechelewa siku 24, mbona husemi dirisha la jikoni ulibadilisha kipimo mwenyewe? Nilishakata tayari." Nikafungua meseji za Septemba. Kweli. Tarehe 12 nilimwandikia abadilishe la jikoni kutoka futi nne kwa nne liwe tano kwa nne. Nilikuwa nimelisahau kabisa, si kwa ubaya, akili ya mlalamikaji hukumbuka ya upande wake. Ningeliweka hadharani bila hilo, angejibu kwa sentensi moja na picha moja ya meseji yangu, na kila nilichosema baada ya hapo kingeonekana cha mtu asiyeaminika.

Tarehe 21 jioni, madirisha mawili yakiwa bado, niliweka hii kwenye kundi. Jina la karakana nililiandika pale kama lilivyo kwenye bango lao. Hapa naliacha wazi.

"Habari za jioni majirani. Naandika kuhusu madirisha ya aluminiamu niliyofungiwa na karakana ya ……. Tarehe 4 Septemba nililipa 2,200,000 kati ya 3,150,000 kwa madirisha 9. Karatasi ya makadirio ilisema siku 21 na waranti ya miezi 12. Yalifungwa tarehe 19 Oktoba. Sehemu ya kuchelewa ilitokana na mimi kubadilisha kipimo cha dirisha la jikoni tarehe 12 Septemba. Nilimaliza malipo tarehe 20 Oktoba. Mvua ya tarehe 11 Desemba iliingia ndani kupitia madirisha 4. Tulipoyajaribu kwa maji tarehe 28 Desemba, hayo 4 hayakuwa na vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. 5 yalikuwa navyo. Niliwajulisha tarehe 12, 15, 19 na 30 Desemba. Tarehe 7 Januari walirekebisha 2, na hayo sasa hayaingizi maji. Mawili yaliyobaki waliahidi tarehe 11 Januari. Mpaka leo hayajarekebishwa. Vioo ni milimita 5 kama tulivyokubaliana. Mwenye madirisha ya aina hii anaweza kumimina jagi la maji kwenye reli ya chini aone kama yanatoka nje. Yakirekebishwa nitaandika hapa hapa."

Picha mbili: reli iliyojaa maji, na fremu isiyo na vitundu. Sikuweka uso wa mtu, wala namba ya simu, wala picha za meseji zetu.

Mume wangu alisema haina chumvi. Ndivyo nilivyotaka, lakini kila neno lilinigharimu. Niliandika "hayajarekebishwa" baada ya kufuta "wamekataa kurekebisha", kwa sababu hakuwahi kukataa, alikuwa anaahidi tu. Niliandika "hayakuwa na vitundu" baada ya kufuta "waliiba kazi", kwa sababu vitundu naviona na nia siioni. Ile sentensi ya vioo niliiweka kwa makusudi. Ilikuwa inamsaidia yeye, na ilimwonyesha msomaji kwamba nimepima. Na sikuandika "msiende kwao". Nikishamwambia mtu tarehe na jagi, uamuzi ni wake.

Majibu yalianza kabla sijaweka simu chini. Wa kwanza: "Mwizi huyo, wezi wote hawa." Nilijibu palepale: "Jirani, mimi sijasema ameiba, na hakuiba. Naomba tubaki kwenye madirisha." Ilinibidi niandike hivyo mara mbili, maana uzi niliouanzisha mimi nisingeweza kujifanya siuoni unakoelekea. Mwingine akasema yeye amefungiwa na karakana ile ile na hana tatizo. Nilimshukuru. Mzee mmoja wa Kigogo wa nyumba ya tatu, anayefungua kila meseji yake kwa "mbukwenyi", aliandika saa tatu usiku kwamba amemimina jagi, madirisha yake mawili yamejaa. Yeye akawapigia karakana kimya kimya, hakuandika tena.

Mwenye karakana alinipigia asubuhi. Alikuwa na uchungu, na sikumlaumu. Alinitaka nifute. Nikamwuliza ni sentensi ipi si kweli niirekebishe mbele ya watu wote sasa hivi. Akanyamaza, akasema, "Zote ni kweli madam, lakini umenivunjia heshima." Sikuwa na jibu la hilo, na sidhani lipo. Tarehe 24 alikuja mwenyewe, si kijana. Akatoboa, akajaza silikoni, akaomba jagi yeye.

Jioni hiyo nikataka kuuongezea ujumbe wa awali. Haiwezekani: WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kuhariri. Kwa hiyo nikaujibu ule ule, ili atakayesoma la pili aone na la kwanza: "Leo tarehe 24 Januari madirisha mawili yaliyobaki yamerekebishwa bila malipo. Tumeyajaribu yote 9, maji yanatoka nje. Kwa upande wangu suala limekwisha." Wakaweka vidole gumba kama kumi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na majibu zaidi ya sitini.

Jirani aliyekuwa amenipa jina la karakana ile hajanisalimia vizuri mpaka leo. Mwenye karakana ni shemeji yake, jambo ambalo sikulijua.

Mwezi Mei, mvua zimeshakatika, mtu alinitumia picha kutoka Facebook. Ulikuwa ujumbe wangu, umepigwa picha kutoka kwenye kundi, jina langu limekatwa, na juu yake mtu nisiyemjua ameandika kwa herufi kubwa nyekundu: TAPELI WA MADIRISHA DODOMA. Ujumbe wa tarehe 24 haukuwepo. Niliandika chini yake kwamba mimi ndiye mwandishi wa yale maelezo, kwamba neno lile jekundu si langu, na kwamba kazi ilimalizwa Januari. Nikaweka na picha ya ujumbe wa pili. Watu wawili waliisoma, kwa nilivyoona.

Mwenye karakana alikuwa ameshaiona kabla yangu. Alinipigia jioni, safari hii bila hasira. "Madam, ile ya pili uliyoandika nzuri, mbona yenyewe hawaisambazi?"

Nilimwambia sijui. Akasema sawa, akaniuliza kama madirisha bado yako vizuri.